Mpango wa mwaka uanzie Marangu na Muheza

Wanandoa wengi wa mjini wakikaa kupanga mwaka huanza na malengo. Mwaka huu tununue kiwanja, tumalizie msingi, tuongeze mtaji wa duka. Wakishakubaliana, wanagawa lengo kwa miezi 12, inapatikana akiba ya kila mwezi, na hapo mpango unahesabiwa kuwa umekamilika. Safari ya Krismasi, kwenda kumwona mama mkwe, michango ya harusi na misiba, hayo yote yanaachwa kwa neno moja: tutaona. Ikifika Agosti kiwanja hakipo na akiba haipo, kila mmoja anawanung'unikia ndugu za mwenzake moyoni.

Mimi nasema mpango uanzie huko kwenye "tutaona". Ndugu ndio wa kuandikwa kwanza, kwa mwezi na kwa kiasi, na lengo la mwaka litokane na kinachobaki. Sisemi hivyo kwa kuwa ndugu ni muhimu kuliko kiwanja. Ni kwa sababu fedha ya ndugu itatoka tu, iandikwe isiandikwe, na isipoandikwa hutoka kwenye fungu la kiwanja.

Tuchukue mfano tuufanyie hesabu hadi mwisho. Mume na mke wanaishi Kimara, Dar es Salaam, na wana watoto wawili wa shule ya msingi. Mume ameajiriwa, na baada ya makato anapeleka nyumbani shilingi 900,000. Mke ni fundi cherehani mwenye kibanda chake. Kwao mume ni Marangu, kwao mke ni Muheza. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano, kila nyumba itaweka vya kwake, ila umbo la hesabu hii naliona katika nyumba nyingi ninazozijua.

Kazi ya kwanza ni kujua mapato ya mke, kwa sababu yeye hana mshahara wa kuandika. Kuna mwezi anapata 300,000, na kuna mwezi anapata zaidi ya mara mbili yake. Wengi huchukua wastani, na hapo ndipo wanapojiumiza. Wastani unaahidi mwezi wa Februari fedha ambayo Februari haina. Mwezi mkavu ndio uandikwe kuwa mapato yake ya kawaida: 300,000. Ziada ya miezi minono isiingizwe kabisa kwenye matumizi ya kila mwezi, bali ikae pembeni na ipewe kazi yake. Tuseme kwa mwaka kuna miezi minne minono, na kila mmoja unaleta ziada ya 350,000. Jumla ni 1,400,000. Tutairudia.

Basi kwa uhakika nyumba hii ina 1,200,000 kwa mwezi. Chakula, nauli, umeme, maji, gesi, simu na vidogo vingine vinakula 620,000. Kila mama anatumiwa 40,000, wa Marangu na wa Muheza, sawa kwa sawa. Michango inawekewa 40,000. Hadi hapo zimetoka 740,000 na zimebaki 460,000. Mtu akisimama hapa anafurahi: kumbe tunaweza kuweka 250,000 kila mwezi, mwaka ukiisha tuna 3,000,000 za kiwanja! Na kwa kweli wengi husimama hapa.

Lakini kodi ya nyumba ni 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, Januari na Julai. Ada ya watoto wawili ni 1,800,000 kwa mwaka, nusu Januari na nusu Julai. Ukijumlisha kodi na ada ukagawa kwa miezi 12 unapata 350,000 kila mwezi. Katika zile 460,000 zinabaki 110,000.

Sasa twende Marangu. Desemba ni mwezi wa Wachagga kurudi nyumbani, na atakayepanga mwaka wa nyumba kama hii bila kuanza na Desemba hajapanga kitu. Tuweke nauli ya basi kwa makadirio ya 40,000 kwa mtu. Watoto wameshakua, kila mmoja ana kiti chake. Watu wanne kwenda na kurudi ni 320,000. Noah ya kutoka Moshi mjini hadi kijijini na kurudi, pamoja na mizigo, tuseme 60,000. Sukari, mchele, mafuta, kitenge cha mama na shati la baba ni 200,000. Fungu lao la mbuzi wa ukoo ni 120,000. Halafu kuna fedha ya mkononi, ile ya shangazi aliyekuja kusalimia na mtoto wa kaka aliyefaulu, hiyo 150,000. Jumla ni 850,000.

Tazama mgawanyo wake. Usafiri wote ni 380,000. Nyingine 470,000 ni zawadi, mbuzi na fedha ya mkononi. Watu wanaotaka kubana safari ya nyumbani huanza na nauli: mwaka huu aende baba peke yake, mama na watoto wabaki. Fanya hesabu. Akienda peke yake usafiri unashuka hadi 100,000 hivi, lakini zawadi hazishuki, mbuzi hashuki, na shangazi bado anakuja kusalimia. Safari ya mtu mmoja inagharimu 570,000. Wameokoa 280,000 tu, na watoto wamekosa kumwona bibi. Kama kuna mahali pa kubana, ni kwenye fungu la zawadi na la mkononi, na hilo linabanwa kwa kulipangia kiwango mapema na kulitenga kabla ya kupanda basi, kwa sababu ukishaketi kwa wazee na simu yenye salio lote la nyumba, kila ombi linaonekana dogo.

Muheza ni karibu zaidi. Nauli ni nafuu, hakuna mbuzi wa ukoo, na wanaweza kwenda Juni shule zikifungwa, wakarudi na kiroba cha machungwa. Tuiwekee 400,000. Safari mbili kwa pamoja ni 1,250,000, yaani kama 104,000 kila mwezi. Kwenye zile 110,000 zinabaki 6,000. Kwa mwaka mzima nyumba hii, katika mapato yake ya uhakika, inabakiwa na kama 70,000.

Hapo ndipo mpango wa kweli unapoanza. Ile 3,000,000 ya kiwanja haikuwapo. Iliyopo ni ile ziada ya cherehani, 1,400,000, pamoja na hiyo 70,000. Nayo haiwezi kwenda yote kwenye kiwanja, maana nyumba hii haijaweka chochote kwa ajili ya simu ya usiku kwamba mama amelazwa KCMC. Ningewashauri nusu ya ziada, 700,000, iwe ya dharura hadi itimie, na iliyobaki, 770,000, ndiyo iwe akiba ya kiwanja kwa mwaka wa kwanza. Ni robo ya walichokuwa wanajiahidi. Lakini ni robo inayokuwapo Desemba.

Kuna mtu atasema: basi wapunguze safari, wapate kiwanja haraka. Huo ni uamuzi halali na sina ugomvi nao. Ninachotaka ni uamuzi ufanywe na watu wawili wakiwa na namba mbele yao, sio ufanywe na mwezi wa Novemba. Wanaweza kuamua kwamba Marangu ni kila baada ya miaka miwili kwa familia nzima. Wanaweza kuamua kumhamisha mmoja wa watoto, kwa kuwa shule za msingi za serikali hazitozi ada. Kitu kimoja tu ningewaonya. Mtu wa Kilimanjaro asidhani anaweza kuihamishia safari ya Desemba mwezi wa Juni kwa sababu nauli ni rahisi. Juni atawakuta wazazi, lakini hataukuta ukoo. Mambo ya kihamba, barua ya posa, kujengea kaburi la babu na kikao cha familia husubiri watu wote wawepo, na wote wanakuwapo Desemba. Asiyekuwapo anaamuliwa. Safari ya Muheza inahamishika, ya Marangu haihamishiki kirahisi, na mke anapaswa kuliona hilo kama jambo la kalenda, asilichukulie kama ushahidi kwamba kwao mume kunapewa uzito kuliko kwao. Ndiyo maana napenda kiasi kinachotumwa kwa mama wawili kila mwezi kiwe sawa hadi shilingi ya mwisho. Safari haziwezi kulingana, kitu kingine kilingane.

Ugumu mwingine wa nyumba hii hauko kwenye jumla ya mwaka, uko Januari. Hebu itazame Januari peke yake. Kodi 1,200,000 na ada 900,000, ni 2,100,000. Ongeza matumizi ya kawaida, kina mama na michango, 740,000. Zinatakiwa 2,840,000 katika mwezi ambao mapato yake ni 1,200,000, tena siku chache tu tangu washuke Stendi ya Magufuli wakitokea Moshi. Mwaka mzima unalingana, lakini Januari ina pengo la 1,640,000. Pengo hilo ndilo linalowapeleka watu kwenye mikopo ya riba kubwa kila mwaka, kisha wanasema tatizo ni Krismasi. Julai nayo ina pengo kama hilo, ila Julai haina sikukuu nyuma yake, kwa hiyo haisemwi sana.

Kwa sababu hii sipendi mpango wa mwaka unaoandikwa Januari. Huo ni mwezi wa kulipa. Mpango ukianza Januari 1, mkupuo wa kwanza unawafikia kabla hawajaweka hata mwezi mmoja, na wanaanza mwaka wakiwa na deni. Serikali yenyewe mwaka wake wa fedha unaanza Julai 1. Nyumba ya mfano wetu ingefaa ianze Agosti, Julai ikishalipwa: Agosti hadi Desemba ni miezi mitano, kwa 350,000 kila mmoja ni 1,750,000, na mshahara wa Januari wenyewe unaongeza 350,000. Ni 2,100,000 kamili. Kuanzia Februari hadi Julai ni miezi sita, nazo ni 2,100,000 nyingine. Mzunguko unajilipa bila mkopo. Aliyeanza Oktoba hatafika, na ni afadhali alijue hilo Oktoba, aongee na mwenye nyumba na mhasibu wa shule mapema, kuliko kuligundua watoto wakiwa wamevaa sare.

Fedha hii ya kodi na ada isikae kwenye simu inayolipia luku na bodaboda. Wengi wanaiweka VICOBA, na kwa fedha yenye tarehe VICOBA inafaa, mradi tarehe ya kikundi ilingane na yako. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba na kugawana, na mgao wa Desemba unaangukia mikononi mwa watu walio safarini. Kama kikundi chenu kinavunja Desemba, mgao wa mke uandikwe kwenye daftari tangu mwanzo kuwa ni kodi ya Januari, na mume ajue hivyo. Fungu la dharura lisikae VICOBA, kwa sababu hisa hazitolewi katikati ya mzunguko, utaambiwa ukope kwa dhamana ya hisa zako. Hilo lingekaa mahali pa kutolea ndani ya siku chache, kwa mfano akaunti ya akiba isiyounganishwa na kadi ya kila siku, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS.

Nirudi kwenye ile ziada ya cherehani, kwa sababu ndiyo iliyobeba ndoto yote, nayo ina tabia ya kuhama. Mnono mmoja wa fundi ni wiki za kuelekea Idi el-Fitri, na Idi husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 imeangukia karibu na Machi 20. Mwaka 2028 itakuwa mwishoni mwa Februari, na 2030 mwanzoni kabisa mwa Februari. Maana yake msimu wa nguo za Idi unaelekea kukutana na msimu wa sare za shule, na pale ambapo leo kuna minono miwili iliyoachana patakuwa na mmoja uliosongamana, wenye kazi nyingi kuliko mikono ya fundi mmoja. Asiyelijua hilo ataandika ziada ya mwaka huu kama ziada ya mwaka kesho. Anayelijua ataweka kando fedha ya kumlipa kijana wa kumsaidia msimu huo, na atapunguza makadirio yake ya ziada.

Likizo ya mume nayo ina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini ni siku za mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu zinazoangukia ndani zimo. Wiki mbili za Desemba zinakula siku 14, hata kama ndani yake kuna Krismasi na siku inayofuata. Wiki moja ya Muheza ni 7. Zinabaki 7, na hizo ningeziacha bila jina, kwa msiba au ugonjwa wa mtoto. Ombi la Desemba lipelekwe mapema mno, kwa kuwa ofisi yenye watu wanane haiwezi kuwaachia watano wiki moja, na wa kwanza kuomba huwa na nafasi zaidi. Tiketi nayo ikatwe likizo ikishakubaliwa, maana siku za mwisho mabasi hujaa na walanguzi huingia kati.

Michango ndiyo inayovunja mipango mizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa huja kidogo kidogo na kila mmoja wenu ana makundi yake ya wasapu. 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka. Kwa kadi za harusi za 50,000 ni kadi sita, na misiba imebakiwa na 180,000. Kaeni mwanzoni mwa mwaka mtaje kwa majina harusi mnazozijua tayari: mdogo wa nani anaoa, nani anaagwa. Utakuta nne tayari zimeshika nafasi. Hapo mkipata kadi ya mtu mliyesoma naye kozi ya miezi mitatu, jibu lenu lipo na hamhitaji kugombana.

Ndani ya nyumba nimesikia mazungumzo kama haya, na nayaandika kwa sababu ndiyo yanayoamua kama daftari litaishi.

"Mume wangu, mdogo wako umemtumia shilingi ngapi juzi?"

"Laki moja. Alikuwa amebanwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa."

Mke hapo haumizwi na laki moja. Anaumizwa na "ungekataa". Dawa yake ninayoiamini ni kila mmoja kuwa na fungu la kwao, sawa kwa wote wawili, ambalo halihojiwi. Hata 15,000 kwa mwezi, ikatwe kwenye matumizi ya nyumba. Akimpa mdogo wake, akimnunulia wifi gauni, akilinyamazia miezi sita likakua, ni lake. Kinachozidi fungu hilo kinaletwa mezani. Mdogo akibanwa kwa laki, mume atatoa alichonacho na nyingine ataiombea, na mke naye siku dada yake akibanwa atajua mlango uko wapi.

Kiwanja nacho kina neno la kuandikwa mapema, nalo ni jina. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itadhaniwa ni yake peke yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili itadhaniwa wana haki sawa. Akiba ya kiwanja katika mfano huu imetoka karibu yote kwenye cherehani, wakati mshahara wa mume umelisha nyumba na kulipa ada. Hati ikiandikwa jina la mume kwa kuwa ndiye aliyekwenda kuonana na muuzaji, jasho la mke limepotea kwenye karatasi. Ikiandikwa la mke peke yake, miaka ya mume ya kulipa kodi imepotea. Andikeni majina mawili, na muandike kwenye daftari kwamba mmekubaliana hivyo kabla ya kumwona dalali yeyote.

Mtajuaje mpango unateleza kabla haujaanguka? Si kwa kusubiri Desemba. Wekeni Jumapili moja kila baada ya miezi mitatu, na muulizane mambo matatu tu. Fungu la kodi na ada limeguswa? Kuna aliyetumia Songesha kabla ya tarehe 20? Michango imeshavuka kiwango cha miezi iliyopita? Jibu la ndiyo kwa moja linarekebishika. Likiwa ndiyo kwa mawili, punguzeni lengo siku hiyo hiyo, mfute 770,000 muandike 500,000, kwa kuwa lengo lisilowezekana huwafanya watu waache kulifungua daftari.

Linabaki la kuwaambia wazee. Mkiamua kwamba mwaka huu hamtakwenda Marangu wote, au hamtakwenda kabisa, habari hiyo isisubiri Desemba. Ipigwe simu Agosti au Septemba, na apige mwenye wazazi wake. Mume ampigie baba yake, mke ampigie mama yake. Shemeji au mkwe akipeleka habari hiyo, kijijini itapokelewa kwamba yeye ndiye aliyekataza. Na itajwe pamoja na tarehe ya safari itakayofuata na kile kitakachotumwa: fungu la mbuzi litatumwa kwa kaka kabla ya Desemba 15, na mwakani tunakuja na watoto. Baba akisema mwaka huu kuna kikao cha kihamba na kila mtoto anatakiwa, mume asijibu hapo hapo. Aseme atampigia tena, aende mezani na mkewe, wafungue ukurasa wa Desemba, na waone kama 570,000 za safari ya mtu mmoja zitatoka zote kwenye kiwanja au sehemu yake itatoka kwenye Muheza ya Juni ijayo. Kama ni Muheza, mama wa Muheza naye apigiwe simu wiki hiyo hiyo.